Majaribio ya Kila Jumapili

Magloire, mkuu wa ofisi ya afya ya Masisi, alikuwa amefuta kwenye seva akaunti ya marehemu Sylvain, aliyekuwa mfanyakazi wa kituo cha Kibua, asubuhi ile, pamoja na kila kitu kilichokuwa ndani yake.

"Mara makumi ine na moja bamekosea neno la siri, Mama Daphrose. Ni wezi. Andika tu rapport," alimwambia fundi wa kompyuta wa ofisi.

Daphrose alisoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari. Wavamizi wa kweli walikuwemo: anwani ya ng'ambo, majaribio mia mbili kwa dakika, majina ya kubahatisha kama admin na root. Wote walishindwa. Majaribio ya kufungua akaunti ya Sylvain hayakufanana na hayo. Yalitoka anwani moja, ya kituo hicho cha Kibua, na jina halikukosewa hata mara moja. Kati ya jaribio na jaribio zilipita dakika mbili, kama mtu anayefikiri. Yalikuwa manne au matano kila Jumapili baada ya ibada, kwa wiki tisa.

Alipiga simu Kibua kwa spika, akauliza nani hujaribu kufungua akaunti ile. Aliyepokea ni Gentille, mjane wa Sylvain, anayefagia kituo.

"Njo mimi, Mama. Nyimbo alijirekodi iko mule. Nilimaliza majina ya batoto, nikaingia kwa ya mbuzi!" Akacheka kidogo. "Dimanche hii, kisha ibada, nitajaribu ya mama yake."

Magloire alisikia yote. Aliweka kalamu chini.

Hakukuwa na nakala ya vilivyofutwa.

"Mama Gentille," Daphrose akasema taratibu, "kaa kwanza."