Dakika Nne za Karani

Kwenye darasa la jioni la sheria walimwita Karani, na hawakumaanisha heshima. Alikuwa na miaka arobaini na sita, ishirini kati yake kaitumia masijala ya mahakama, akipanga majalada na kuita mashauri. Mtihani wa mikataba ulikuwa umeshamwangusha mara mbili. Chuo kilimwandikia barua fupi: mara ya tatu ndiyo ya mwisho, akianguka jina linafutwa. Maana yake ni kubeba majalada ya wenzake mpaka kiinua mgongo.

Mara zote mbili aliangushwa na kitu kimoja: swali la mwisho aliliacha jeupe. Basi safari hii alikata karatasi ya kadibodi, kubwa kama kiganja, akaandika. Saa tatu kamili, kusoma maswali yote. Saa tatu na dakika kumi, swali la kwanza. Saa nne kasoro kumi, la pili. Saa nne na nusu, la tatu. Saa tano na dakika kumi, la nne. Saa sita kasoro kumi, kalamu chini, kukagua. Kila swali dakika arobaini: nane za kupanga, thelathini na mbili za kuandika.

Mheshimiwa aliiona siku ya kurudia masomo. Hilo ndilo jina walilompa mwanafunzi mwenzao, kijana wa suti, anayesema "kwa unyenyekevu naomba kuwasilisha" hata akiomba chaki. Naye alikuwa kaanguka mara moja, akasema msahihishaji ni mgonjwa.

"Mama Karani, hii ni sheria au unachemsha mayai?"

"Nachemsha mayai, mwanangu. Wewe unaatamia."

Darasa likacheka. Mheshimiwa hakucheka.

"Mimi nikilishika swali nalimaliza. Msahihishaji akisoma la kwanza akaona ni moto, mengine anayapitisha tu."

Karani alimtazama jinsi anavyowatazama watu wanaoleta hati bila mhuri. Maswali manne, kila moja alama ishirini na tano. Hata uandike mpaka wino ukauke, la kwanza halikupi ishirini na sita. Alama kumi za mwanzo za swali jipya ni za bure kwa mtu aliyesoma. Tatu za mwisho za swali la zamani unazitolea jasho. Hesabu ya darasa la nne hiyo, na huyu kavaa tai.

Tena mbinu hii ya kugawa muda hakuitoa kitabuni. Hakimu wa mahakama yao alikuwa na asubuhi moja na maombi kumi na mawili. Kila ombi alilipangia muda wake, na muda ukiisha humkata wakili katikati ya neno: "Wakili, keti." Mawakili wakubwa wenye vitambi waliketi midomo wazi kama madroo. Miaka ishirini Karani alikuwa akiwacheka, chini chini, nyuma ya majalada.

Siku ya mtihani ukumbi ulinuka rangi mpya. Msimamizi, mama mmoja mwenye viatu vya kulia kwio kwio, aliandika saa ubaoni, akasema, "Saa tatu hadi saa sita. Maswali yote manne ni lazima. Anzeni."

Karani alisoma yote kwanza. Nyuma yake Mheshimiwa alikuwa tayari anakwaruza karatasi, hata ukurasa wa pili wa maswali hajaufunua. Mpumbavu, Karani akasema moyoni, na moyo ukamtulia.

La kwanza likaenda sawa. Dakika nane za kuandika pembeni nani kaahidi nini na lini, kisha akaandika, akaacha nusu ukurasa mtupu chini, akahamia la pili.

La pili ndilo lililomponza. Lilihusu fidia ya mfanyabiashara aliyecheleweshewa mashine ya kusaga, na Karani alishika majalada ya namna hiyo kwa mikono yake. Alijua mawakili wanavyoteleza: wanadai hasara zote, hata ile ambayo muuzaji asingeweza kuiwaza siku ya kuahidi. Akaandika kwa raha. Akamwona akilini msahihishaji akitikisa kichwa kwa kustaajabu, akisema huyu ni nani huyu. Akaongeza aya. Akaongeza nyingine, ya kuwasimanga mawakili. Alipoinua macho ilikuwa saa nne na dakika thelathini na nne.

Dakika nne. Kwa aya ya kujisifu ambayo hakuna aliyemwuliza. Alijiona amevaa suti ya Mheshimiwa.

"Wakili, keti," akajinong'oneza, akaacha sentensi ikining'inia.

Sasa hizo dakika nne azitoe wapi? Akazitoa kwenye kupanga. Swali la tatu lilikuwa na watu watatu: mwenye gari, dalali, na mnunuzi. Mwenye gari alisema limetembea kidogo, kumbe kipima mwendo kimerudishwa nyuma. Badala ya kuchora nani ni nani na swali linataka nini, Karani aliliparamia. Saa tano na kumi akakata hapohapo, akaacha nusu ukurasa, akaenda la nne, akalipatia dakika zake nane na thelathini na mbili bila kuibiwa hata moja.

Saa sita kasoro kumi akaweka kalamu chini. Nyuma yake sauti ilisema, "Kijitabu kingine tafadhali, kwa unyenyekevu." Cha tatu hicho. Viatu vikalia kwio kwio.

Karani akakagua kama anavyokagua majalada: kwanza mstari wa mwisho wa swali, ndipo jibu. La kwanza, sawa. La pili, akaimalizia ile sentensi kwa maneno sita. La tatu, mstari wa mwisho: *Mshauri mnunuzi.*

Yeye alimshauri mwenye gari. Kurasa tatu za kumfundisha tapeli namna ya kujitetea.

Hamu ya kufuta yote ikamjia, na hiyo ndiyo ingemmaliza. Dakika nane hazitoshi kuandika upya. Lakini sheria aliyoiandika ilikuwa ileile. Kilichokosewa ni mteja. Akapiga mstari mmoja juu ya hitimisho. Chini, kwenye nusu ukurasa uliokuwa mtupu, akaandika: mnunuzi aliambiwa jambo la hakika, lilikuwa la uongo, na ndilo lililomfanya anunue. Anaweza kuuvunja mkataba, arudishe gari, adai pesa yake na hasara. Ila afanye haraka, maana akikaa kimya akiliendesha atahesabiwa amelikubali.

"Kalamu chini."

Mheshimiwa alitoka akipepea vidole. "Kurasa kumi na tisa, swali la kwanza peke yake!"

"Na la nne?"

"La nne nimeliandikia kichwa cha habari. Anayejua sheria ataona nilikokuwa naelekea."

Matokeo yalibandikwa baada ya wiki sita. Kufaulu ni hamsini. Karani, hamsini na saba. Swali la tatu lilipewa kumi na mbili. Mheshimiwa, arobaini na tatu: ishirini na mbili, kumi na tano, sita, sifuri.

Alikuja masijala mwenyewe, suti ileile, akaipiga picha ile kadibodi kwa simu yake. Karani hakumwambia habari za dakika nne. Hajamwambia mtu mpaka leo.

"Mama, nimeielewa," alisema Mheshimiwa. "Ila hizi dakika kumi za mwisho zimekaa bure. Nikizihamishia swali la kwanza, si litakuwa moto zaidi?"

Karani alichukua jalada lililofuata, akaligonga mhuri.

"Wakili," alisema, "keti."