Trei kumi na tano za Jumanne

Tito, mtaalamu wa mifugo wa kata, alizunguka banda la Eugenia, akasikiliza kuku wanavyokoroma, akainua vichwa viwili vitatu vilivyovimba macho.

"Ni mafua," alisema. "Dawa yake ipo, utaiweka kwenye maji siku tano. Lakini mayai yasiliwe, mama. Siku zote tano za dawa, na saba nyingine baada ya dozi kwisha."

Eugenia alihesabu kichwani. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Kila Jumanne na Ijumaa, kwa mwaka wa pili sasa, alipeleka trei kumi na tano za mayai katika shule ya bweni ya wasichana kule Kisarawe, ili kila mwanafunzi apate yai moja kesho yake asubuhi. Mkataba ulisema wazi: mzabuni akikosa kuleta mara mbili mfululizo, shule itatafuta mwingine. Yeye angekosa mara nne. Mayai yaliyotagwa kabla ya dawa yalikuwa trei nne tu, maana kuku walikuwa wamepunguza kutaga tangu Jumatano.

Kuku mia mbili wale ndio waliokuwa mtaji wake wote, pale Visiga. Hata hivyo siku ile ile aliwawekea dawa. Jumapili akaokota mayai trei tatu, masafi, makubwa, hayana alama yoyote. Ponsiano, mumewe, aliyatazama kwa muda mrefu.

"Ukiyapeleka, nani atajua?" aliuliza, kwa sauti ya mtu ambaye mwenyewe hakuupenda mtego huo.

"Watoto wa watu wale, Ponsiano."

Ponsiano alichukua jembe. Akaenda kuchimba shimo nyuma ya banda, na Eugenia akayavunjia humo moja moja mpaka trei zikabaki tupu.

Jumatatu asubuhi alifika Kisarawe mikono mitupu. Bi Atupele, mtunza stoo, alikuwa mwanamke mkali wa mizani. Yai jepesi alilirudisha bila maelezo. Eugenia alimweleza yote akiwa amesimama, hakuthubutu kuvuta kiti.

Bi Atupele alivua miwani. "Aliyekutangulia alileta mayai ya dawa muhula mzima. Tulijua siku mfanyakazi wake alipogombana naye." Akafungua faili la mkataba. "Unaruhusiwa kuleta ya mfugaji mwingine, ila nipate barua ya mtaalamu kwamba kuku wake hawako kwenye dawa. Na nitayapima kama ninavyopima yako. Kesho saa mbili."

Eugenia alishukuru, ila moyo haukutulia. Mfugaji mwenye mayai ya kutosha aliyemjua alikuwa mmoja tu, Mwanamvua wa Mlandizi, na huyo ndiye aliyeshindana naye katika zabuni ile akashindwa. Kumpa nafasi ya kuingia stoo ile ilikuwa kama kumfungulia mlango.

Hata hivyo alikwenda Mlandizi, akamkuta akipanga trei kivulini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

Eugenia alisema shida yake, akangoja kuchekwa. Mwanamvua alifuta mikono kwa kanga.

"Mafua yalinipitia mwaka juzi. Nilimwaga mayai wiki mbili, nikalia kila jioni." Akamwita mwanawe Kudra aandae trei kumi na moja. "Mizigo yote minne nitakujazia. Huyo Tito wako aje kuiandika barua leo hii."

Tito alikuja, akawakagua kuku, akaandika.

Jumanne kirikuu ya dereva Fabian, pikapu ndogo waliyoikodi, ilipanda kilima cha Kisarawe, wanawake wawili mbele, trei nyuma. Bi Atupele aliisoma barua mara mbili. Akachagua mayai kumi hapa na pale, akayatia kwenye ndoo ya maji. Yote yakalala chini, dalili ya mayai mapya. Akayapima mengine. Eugenia hakuondoa macho kwenye mizani.

"Mazuri," alisema mtunza stoo, kisha akamgeukia Mwanamvua. "Mwakani utaomba zabuni?"

Eugenia aliinua macho kutoka kwenye mizani.

"Nitaomba, na huyu ataomba," Mwanamvua alijibu. "Mwaka huu kazi ni yake, mimi nimejaza pengo."

Bi Atupele aliikunja barua. "Basi mwakani ombeni pamoja, majina mawili kwenye mkataba mmoja. Kuku wa mmoja wakiugua, wa mwingine wapo. Mimi ndiye nitakayelala usingizi."

Akagonga muhuri kwenye hati ya kupokelea, akampa Eugenia nakala. Nje, Eugenia aliketi kwenye ngazi ya stoo. Mwanamvua akaketi kando yake. Harufu ya maharage ilitoka jikoni, na Eugenia akakumbuka kwamba tangu Jumamosi hakuwa amekula chakula akakimaliza.

"Kuna mgahawa stendi," alisema. "Twende tukanywe chai, dada. Nina njaa ya ajabu."