Mstari wa Mikromita Hamsini

Darasa zima lilimwita Rula, na yeye jina hilo alilipenda. Hakuna kitu alichoshindwa kukipima. Wenzake walipokuwa wanagawanya milimita kwa mikromita na kupata seli kubwa kuliko ndoo, yeye alikuwa amekwisha kuzidisha kwa elfu, amegawanya, ameweka kalamu chini na kuanza kuwatazama wengine kwa huruma ya uongo. Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakumwita Rula. Huyo ni binamu yake, mtoto wa shangazi, ambaye tangu mwanzo wa muhula alilala kitanda cha pili chumbani kwake na kumwita dada.

Na binamu huyo ndiye aliyemkaa kooni.

Tuseme ukweli, mtoto wa watu hakuwa na kosa. Mama yake alipata kazi mbali, kaka mtu, yaani baba yake Rula, akasema mlete, akaletwa na begi moja na kopo la penseli. Lakini alijua kuchora. Alichora seli ya kitunguu kwa mstari mmoja safi usiotetemeka, bila kivuli, bila mbwembwe, mpaka mwalimu wa baiolojia akaizungusha karatasi yake darasani kama picha ya harusi. Baba naye, mwenye duka la fotokopi, akaibandika moja ukutani juu ya mashine. "Huyu mwanangu ana mkono," aliwaambia wateja. Mwanangu! Rula alikuwa amesimama palepale anapanga karatasi, na miaka yote aliyopata mia kwa mia hakuna mtihani wake uliowahi kubandikwa hata chooni. Roho ilimuuma mpaka akashindwa kula.

Kisha ikaja habari ya ufunguo. Shule ilikuwa na hadubini moja tu nzuri, inakaa kwenye kabati lenye kufuli, na mwalimu alitangaza kwamba atakayefanya vizuri zaidi karatasi ya mazoezi ya wiki hiyo ndiye atakayekabidhiwa ufunguo. Ndiye atakayeitoa, kuifuta lenzi, na kupanga zamu ya wenzake. Rula aliutaka ufunguo ule kuliko kitu chochote. Mchoro unaweza kusifiwa na kila mtu, alijiambia, ila namba haina upendeleo.

Karatasi yenyewe ilitolewa kopi dukani kwa baba. Mwalimu alileta ukurasa mmoja mkubwa: picha ya seli ya kitunguu, chini yake pameandikwa "Ukuzaji ×400", na pembeni mstari mfupi wa kipimo wenye maandishi "50 µm". Rimu ilikuwa inakaribia kuisha. "Punguza, zikae mbili kwenye karatasi moja, halafu ukate katikati," baba alisema, na Rula akabonyeza asilimia sabini, akakata, akafunga bando. Hakufikiria lolote.

Jioni hiyo walikaa meza moja kila mmoja na karatasi yake. Swali la kwanza: seli ina urefu gani halisi? Rula akaweka rula juu ya picha. Milimita hamsini na sita. Akagawanya kwa mia nne, akapata nukta moja nne ya milimita, akazidisha kwa elfu: mikromita mia moja na arobaini. Kazi imekwisha. Akajinyoosha.

Binamu alikuwa bado anakuna kichwa.

"Dada, samahani. Hebu nitazamie hapa."

"Nini tena?"

"Nimepata majibu mawili. Kwa hii mia nne iliyoandikwa napata mia na arobaini. Lakini huu mstari nimeupima, ni milimita kumi na nne, na wenyewe unasema ni mikromita hamsini. Seli ni ndefu mara nne ya mstari. Si inakuwa mia mbili? Nimerudia, nimerudia, hazikubali kulingana. Nimekosea wapi?"

Rula alifungua kinywa amjibu kwa kejeli, kisha akakikumbuka kitufe alichobonyeza dukani. Asilimia sabini. Picha ilipopungua, mstari nao ulipungua pamoja nayo, kwa hiyo mstari bado unasema kweli. Lile neno la ×400 ndilo lililobaki linajigamba kama zamani. Milimita kumi na nne ni mikromita elfu kumi na nne. Gawanya kwa hamsini, ukuzaji wa karatasi hii ni mara mia mbili na themanini. Binamu hakukosea popote. Yeye, Rula, ndiye aliyekosea, tena kwa kidole chake mwenyewe.

Angeweza kusema. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini alimwona yule mtoto amekaa chini ya taa, mchoro wake wa swali la pili umelala mbele yake umenyooka, mzuri hadi unaudhi, na sasa anataka na namba pia? Kila kitu kiwe chake?

"Umepima mstari vibaya," alisema. "Ni mfupi mno, ukikosea kidogo umepotea. Fuata mia nne. Mwalimu ameiandika mwenyewe."

"Lakini dada..."

"Nani kati yetu anaitwa Rula?"

Binamu akacheka. "Haya. Asante, dada." Mchoro wake ulikuwa na urefu wa milimita mia moja na kumi na mbili, na chini yake, palipotakiwa ukuzaji wa mchoro, alikuwa ameandika ×560. Akaifuta, akaifuta tena mpaka karatasi ikaota nywele, kisha akaandika ×800. Alipokwenda kulala, Rula naye akachukua kifutio.

Kesho yake karatasi zilikusanywa asubuhi, na mchana mwalimu aliingia nazo zimesahihishwa, uso umekunjamana.

"Darasa zima mmeniambia mia na arobaini. Mimi picha yangu ina milimita themanini. Nikigawa kwa mia nne napata mia mbili. Ni mmoja tu aliyepata. Rula, njoo utuonyeshe."

Rula akaenda ubaoni, akaeleza kila kitu: kopi ilipunguzwa, mstari ukapungua pamoja na picha, ukuzaji ulioandikwa ukabaki kuwa uongo. Alieleza vizuri sana. Mwalimu akapiga makofi ya furaha, akatoa ufunguo mfukoni.

Ndipo binamu aliponyanyua mkono, uso umemchangamka kwa furaha ya mtu aliyejua kumbe hakuwa mjinga.

"Mwalimu, hata mimi jana nilipata mia mbili! Kwa mstari huohuo. Nikamwuliza dada, akaniambia nimepima vibaya, nifuate mia..."

Mkono ulibaki juu kidogo, kisha ukashuka wenyewe. Alimtazama Rula, akaitazama karatasi yake pale palipoota nywele, akakaa.

Mwalimu aliuzungusha ufunguo vidoleni, akamtazama Rula.

"Namba yako ni sahihi," alimwambia. "Alama zako ni zako." Kisha akapita katikati ya madawati, akauweka ufunguo juu ya karatasi ya binamu.

Rula aliona haya, lakini bado, Mungu amsamehe, aliona wivu pia, palepale, vyote kwa pamoja.

Binamu alifungua kabati kwa uangalifu, akaitoa hadubini kwa mikono miwili, akafuta lenzi, akaanza kuwaita wenzake mmoja mmoja. Hakumruka mtu. Zamu ya Rula ilipofika alisogea pembeni kumpisha, akisema kwa sauti ya upole, ile ile aliyotumia kwa kila mtu:

"Rula, zamu yako."