Safu ya Mwisho

Kwaru, kwaru. Keekee ya mkono ilikwaruza udongo nyuma ya ghala kuukuu la mafuta, Changamwe. Odhiambo, mpimaji wa udongo, aliivuta juu kwa mgongo uliochoka, akatia udongo katika mfuko wa plastiki, akachomeka humo kipimo cha mvuke wa mafuta. Namba zilipanda. Hii ilikuwa safu ya sita ya mashimo ya kusaka mafuta yaliyovuja ardhini, ya mwisho kwenye ramani, mita kumi tu kutoka kisima cha Bi Kadzo.

“Mwanangu, mumemaliza?” Bi Kadzo aliuliza, ndoo mkononi.

“Ramani imeisha, mama. Mafuta hayajaisha.”

“Basi mafuta hayajui kusoma ramani yenu. Niteke?”

Odhiambo aliitazama ndoo, kisha vigingi vya kuonyesha safu, alivyokwisha kuving'oa akidhani kazi imeisha.

“Usiteke, hata ya kuoshea vyombo. Kesho naongeza safu mpaka nipate udongo safi, hata nikichimba jikoni kwako. Nakuahidi.”