Nusu ya Nini?

Kila asubuhi saa moja, Abubakary huketi mbele ya kipaza sauti jijini Mwanza na kuwasomea watu magazeti. Husoma vichwa vya habari tu. Ndani haingii, kwa sababu bosi wake, Mayala, ana kanuni moja ambayo haijavunjwa tangu redio ifunguliwe: ukisoma yote, nani atanunua gazeti? Wauza magazeti nao wana watoto. Basi Abubakary husoma kichwa, hukitia chumvi kidogo kwa sauti yake nzito, kisha hufunua kingine. Watu wa kanda nzima huondoka nyumbani na vichwa bila miili, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Jumamosi moja alipanda kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema, kumpelekea mama yake dawa za presha za mwezi mpya. Bi Mwaija alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda? Huko mjini hamli?"

Alipofungua kabati ili apange dawa, Abubakary alizikuta za mwezi uliopita zimejaa karibu zote. Pembeni yake palisimama kopo jipya la plastiki lenye picha ya boga.

"Mama, hizi mbona hujameza?"

"Nimeacha," alisema Bi Mwaija, akiendelea kupepeta mchele. "Sasa natumia za mbegu za maboga. Zinapunguza kiharusi kwa nusu. Zile za hospitali zinanichosha, kutwa kwenda msalani."

"Nani kakwambia?"

"Redio imesema."

Abubakary aliacha kupanga dawa. Alikikumbuka kile kichwa: *Vidonge vya mbegu za maboga vyapunguza kiharusi kwa nusu.* Alikisoma mara mbili, tena kwa madaha, maana kilikuwa kizuri mdomoni.

"Mama, redio ni mimi."

"Wewe ni mwanangu. Redio ni redio. Ingekuwa inasema uongo wangeizima."

Alitoa kile kimashine cha kupimia presha alichomnunulia wakati wa Idi, akamfunga mkononi. Kikasoma mia na themanini na mbili juu, mia na nane chini. Mama alikitazama kwa dharau.

"Betri hizo. Mbona mimi sisikii kitu?"

Hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa. Mama yake mkubwa, dada wa Bi Mwaija, naye alikuwa hasikii kitu, mpaka asubuhi aliyoshindwa kuinua kikombe cha chai. Hakumaliza wiki. Na kwa sababu ya kifo hicho hicho, neno kiharusi likitajwa, Bi Mwaija hukamata tiba yoyote iliyo karibu. Abubakary alibembeleza, akakasirika, akabembeleza tena. Mama alimtengea wali na sato, akamwambia ale.

Jioni, kivukoni, alimpigia Daktari Hellen Machibya, ambaye huja redioni kujibu maswali ya afya. Hellen alianza na la muhimu zaidi: mama arudie dawa zake leo, kama alivyoandikiwa, na wiki hii aende kliniki. Akiumwa kichwa vibaya, akilegea upande mmoja au ulimi ukiwa mzito, apelekwe hospitali papo hapo. Kuhusu gazeti, aliomba ausome utafiti wenyewe kabla ya kusema lolote.

Kesho yake walikutana mgahawani, karibu na redio. Hellen aliweka karatasi ya utafiti huo mezani.

"Tuanze na hiyo nusu. Nusu ya nini?"

"Ya hatari."

"Nusu ya gunia ni mlo wa nyumba. Nusu ya kijiko haimshibishi mtu. Chukua watu elfu moja, useme kwa mwaka wanne kati yao hupata kiharusi. Dawa ikiwafanya wawe wawili, gazeti litaandika nusu, na halitakuwa limedanganya. Lakini waliookoka ni wawili katika elfu. Ukisikia nusu, uliza ilianzia wapi na imeishia wapi."

"Hapa ilianzia wapi?"

"Hapa hata hatufiki huko. Waliopimwa walikuwa arobaini. Ishirini walipewa maboga, ishirini vidonge vya unga mtupu, kwa wiki nane. Mwishoni kipimo kimoja cha damu kilikuwa juu kwa wanane wa unga na kwa wanne wa maboga. Hiyo ndiyo nusu yako. Tofauti ni watu wanne."

"Wanne si haba."

"Rusha sarafu mara ishirini, kisha ishirini nyingine. Ukipata upande wa kichwa mara kumi na mbili, halafu mara nane, utasema sarafu imetibiwa?"

Abubakary alicheka bila kupenda. "Kwa hiyo maboga ni uongo?"

"Sijasema. Huenda yanasaidia, huenda hayasaidii. Watu arobaini hawatoshi kutuambia. Na kiharusi?" Hellen aligonga karatasi kwa kidole. "Hakuna aliyehesabu kiharusi hata kimoja. Walipima kitu katika damu ambacho wengi wenye kiharusi huwa nacho. Dalili ya mvua ni mawingu, sawa. Lakini mawingu mangapi umeyaona yakipita juu ya ziwa na mahindi yakakauka? Hawa walihesabu mawingu, gazeti likaandika mvua. Tena walikuwa vijana wazima, hawana presha. Hakuna aliyeambiwa aache dawa."

Abubakary aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona mkono wa mama yake ukikosa kikombe.

"Jana nilimpigia tena, akakataa. Mimi hatanisikiliza, Daktari. Anaisikiliza redio."

"Basi iambie redio."

Jumatatu alfajiri alimfuata Mayala na gazeti la wiki nne zilizopita. Aliomba aingie ndani ya habari moja tu. Mayala alikunja uso, akalipokea gazeti, akatazama tarehe.

"Hili halinunuliwi tena, muuza vitumbua keshafungia vitumbua," alisema mwishowe. "Dakika tano. Na usimtukane mwandishi. Kichwa hicho wewe ndiye uliyekipigia tarumbeta."

Saa moja ilipofika, Abubakary alisoma kichwa kile kile. Safari hii hakufunua ukurasa. Aliwaambia wasikilizaji kwamba alikisoma bila kujua kilichomo ndani, na kwamba amekosa. Akauliza: nusu ya nini? Watu wangapi? Walihesabu ugonjwa wenyewe au dalili yake? Akajibu moja moja, kwa sarafu na kwa mawingu. Mwisho alisema anayemeza dawa za presha asiache kwa sababu ya kichwa cha habari; kama zinamsumbua amwambie daktari, zipo za aina nyingine. Alitaka kuongeza neno, lakini dakika tano zilikuwa zimekwisha. Fundi mitambo akaweka muziki.

Simu iliita kabla wimbo haujafika kiitikio.

"Umesikia redio leo?" aliuliza Bi Mwaija.

"Nimesikia, mama."

"Wanasema yale maboga walihesabu mawingu tu. Watu arobaini! Harusi ya binti wa jirani ilikuwa na zaidi ya hao. Mimi nimeshameza changu cha hospitali. Kesho nakwenda kliniki nikawaambie habari ya msalani."

"Vizuri, mama."

"Lakini yule mtangazaji," alisema Bi Mwaija, na sauti yake ikashuka, "leo alikuwa anatetemeka. Miaka yote namsikia, sijawahi kumsikia anatetemeka. Nikasema moyoni, huyu naye ana mama mahali."

Abubakary alishika simu kwa mikono miwili. Nje ya kioo, Mayala alikuwa anamwonyesha saa.