Kikao cha Saa Sita na Nusu

Mtu akikunyang'anya chakula cha mchana utapiga kelele ofisi nzima ikusikie. Akikunyang'anya saa yenyewe ya chakula, eti hicho ni kikao. Mimi nilinyang'anywa wiki nne, na leo nikisimulia bado damu inanichemka.

Nachora ramani za majengo kwenye kampuni ya wahandisi. Asubuhi namwandaa binti yangu kwenda shule. Jioni lazima niwe nyumbani saa kumi na mbili kamili, maana mume wangu anaondoka kwenda zamu saa hiyo na mtoto hawezi kubaki peke yake. Sasa niambie, mtu kama mimi anafanya mazoezi saa ngapi?

Mwaka jana nilisema nitafanya Jumamosi tu. Siku ya marathoni nikafika kilomita ya thelathini na mbili, miguu ikagoma. Nilipandishwa gari la wagonjwa huku binti yangu ananiangalia, kashika chupa ya maji aliyotaka kunipa mwishoni. Alilia njia nzima. Nikaapa kwamba mwaka huu namaliza, hata kwa kutambaa.

Kwa hiyo nikapanga. Jumatatu naenda kazini kwa basi na begi la nguo za wiki nzima, nazikunja kwa kuviringisha ili zisijikunje, naziweka kwenye droo ya chini. Viatu vya ofisi haviondoki chini ya meza. Jumatano na Ijumaa, ikifika saa kumi na moja jioni, nafunga kamba ya begi kifuani lisirukeruke, nakimbia kurudi nyumbani. Kilomita tisa, dakika hamsini na tano, namkuta mume wangu mlangoni anavaa koti. Tunapokezana mtoto kama kijiti. Jumapili alfajiri, mume wangu akiwa hana zamu, ndiyo mbio ndefu.

Lakini moyo wa mpango wote ulikuwa mchana wa Jumanne na Alhamisi. Saa sita na nusu natoka. Dakika tatu kubadili nguo. Dakika kumi polepole, kisha dakika tatu kwa kasi mara sita, katikati napumzika dakika moja na nusu nikijikokota, halafu tano za kupoa. Bafu dakika sita, nguo dakika tano. Saa saba na nusu niko kwenye kiti, kwapa kavu, natafuna chakula changu huku nachora. Hakuna aliyewahi kuningoja hata dakika moja.

Kisha Meneja akaanzisha kikao.

Meneja wetu ni kijana mwenye tabasamu la picha ya kitambulisho. "Kikao kifupi cha idara," alisema, "Jumanne na Alhamisi, saa sita na nusu. Watu wanakuwa huru."

"Huru kula, bosi," nikamwambia.

"Njoo na chakula, dada. Sisi ni familia."

Familia gani hiyo? Kikao chenyewe kilikuwa cha nini, hata leo sijui. Tulisoma orodha ya kazi ambazo kila mtu alishazisoma asubuhi. Na yeye mwenyewe, baada ya dakika mbili, simu mkononi: "Jamani, nina dharura, endeleeni bila mimi." Dharura mara ya kwanza, sawa. Dharura mara ya pili, pole. Mara ya nane nikajiuliza, huyu ana ukoo wa wagonjwa au vipi?

Wiki nne. Nilijaribu kufidia alfajiri, mume wangu akitoka zamu kachoka, mtoto naye kaamka anatafuta soksi. Nikajaribu kuongeza kasi kwenye njia ya kurudi nyumbani, begi likanichubua mabega mpaka damu. Mbio ndefu ya Jumapili ya wiki ya tatu nilikata pumzi kwenye kilomita ya ishirini na mbili. Nilikaa kando ya barabara nikalia kwa hasira, si kwa uchovu.

Alhamisi iliyofuata nilitoka kikaoni kwenda msalani. Nikapita mapokezi. Ofisi ina bafu moja, ufunguo mmoja, na dada wa mapokezi ana daftari ambalo kila anayechukua ufunguo anaandika saa. Nikamwona kajiinamia.

"Una nini, mdogo wangu?"

"Dada, usiniponze. Lakini mimi roho inaniuma." Akanigeuzia daftari.

Jumanne, saa sita na dakika thelathini na tatu, sahihi ya Meneja. Alhamisi, saa sita na thelathini na tatu, Meneja. Jumanne, Meneja. Alhamisi, Meneja. Kila mara anarudisha saa saba na dakika ishirini na tano. Ala! Nikachungulia dirishani, nikamwona bwana dharura anakata kona kwa kaptura mpya, kwenye njia yangu.

Kumbe alitaka bafu. Bafu! Mtu mzima alinifungia kwenye chumba mara nane ili asije akapanga foleni nyuma yangu.

Nikabeba daftari, nikarudi kikaoni, nikakaa kama maji mtungini. Saa saba na nusu akaingia, nywele mbichi, ananukia sabuni.

"Samahani jamani, dharura."

Nikasimama, nikaanza kusoma. Tarehe, saa, sahihi. Tarehe, saa, sahihi. Mzee wa vipimo, ambaye hajawahi kuinua kichwa tangu niajiriwe, akaweka kijiko chini.

Meneja akacheka. "Kumbe shida ni bafu? Si ungesema tu? Daktari kaniambia nipunguze uzito. Na wewe dada, si unakimbia hata jioni? Mbio zote hizo za nini, mama mtu mzima? Unashindana na nani?"

"Nashindana na wewe," nikasema, sikuona aibu. "Wewe unatoka saa tisa ukitaka. Una jioni nzima na barabara zote. Mimi nilikuwa na saa moja tu, mara mbili kwa wiki, na wewe ukaipenda hiyohiyo. Jumanne sitakuja kikaoni."

"Utapata barua ya onyo."

"Iandike vizuri, usikosee tarehe."

Jumanne asubuhi barua ilikuwa mezani. Nikaisaini. Saa sita na nusu nikaenda mapokezi, dada akatikisa kichwa: Meneja alishachukua ufunguo tangu saa mbili asubuhi, uko mfukoni mwake.

Nikakimbia hivyohivyo. Dakika tatu mara sita, zote sita, jua la utosi. Nilirudi nimelowa mpaka soksi. Nikavaa nguo za kazi juu ya jasho, sikujifuta hata uso, nikaenda moja kwa moja kwenye chumba cha mikutano. Saa saba na nusu wateja wa jengo la ghorofa sita walikuwa wanafika, na ramani nilichora mimi, hakuna mwingine wa kuieleza. Nikavuta kiti, nikakaa ubavuni mwa Meneja, bega kwa bega.

Tulikaa hivyo kwa saa mbili nzima. Akasogea, nikasogea. Akafungua dirisha, nikamwomba alifunge kwa sababu upepo unapeperusha michoro. Mteja mmoja akapeleka leso puani, kwa adabu, akamwangalia yeye.

"Niwieni radhi," nikawaambia. "Bafu letu limefungwa. Ufunguo anao Meneja."

Akautoa mfukoni mbele yao, akauweka juu ya ramani yangu.

Tangu siku ile kikao kimehamia saa tatu asubuhi. Hakuna aliyeniomba radhi, na barua ya onyo imo kwenye faili langu mpaka leo. Watu wa ofisini wananipongeza, wanasema nimeshinda. Nimeshinda nini? Zimebaki wiki saba. Mpango wangu ulikuwa wa wiki kumi na sita, na zile nne hazifidiwi. Ukizilazimisha zote kwa pamoja, goti linakwenda. Nitasimama pale kwenye mstari nikiwa na upungufu wa michana minane, na kilomita ya thelathini na mbili haitaniuliza nani aliichukua.