Waliokwenda Sokoni

Jana ilikuwa siku ya soko Pap Onditi, na nusu ya darasa la nne hawakuja shule. Walikuwa na mama zao wakiuza. Winny, mwanachuo aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, alilikumbuka hilo leo akiwa tayari ameandika maswali ya marudio ubaoni. Yangejibiwa na wale waliokuwapo jana tu. Juzi marudio yake yalikula nusu ya kipindi, na mwalimu mwenye darasa, Bwana Oyugi, akamwambia, "Yakizidi dakika kumi tena, nalichukua darasa langu."

Leo Oyugi alikaa nyuma, saa mkononi.

Winny akafuta ubao. "Fungeni vitabu. Aliyekuwa hapa jana amsimulie aliyekwenda sokoni hadithi tuliyosoma. Kisha nitamuuliza wa soko."

Kelele zikapanda. "Griffins, anza mwanzo bwana, usiruke!" alisema Aoko, aliyekuwa sokoni jana.

Baadaye Winny akamwita Aoko.

"Mtoto aliokota kuku wa jirani, akamficha, akawa anakula mayai yake."

"Kwa nini hakumrudisha?"

Aoko akamtazama Griffins. "Huyu hakuniambia, mwalimu!"

Darasa likacheka. Griffins akajitetea haraka, "Aliogopa kuitwa mwizi."

"Sawa. Sasa kwenye hadithi ya leo kuna mtoto ameazima baiskeli, ameivunja. Yeye atasema ukweli?"

"Hawezi!" "Atasema!" Vitabu vilifunguliwa kabla hajaagiza.

Winny akatazama saa yake. Dakika ya tisa. Akatazama nyuma. Oyugi alikuwa ameshaweka saa mfukoni, akimsukuma mtoto wa dawati la mwisho. "Sogea kidogo, nione ukurasa."